Mteremko wa −0.75: Ukubwa wa Mwili, Umetaboli na Msongamano wa Mamalia, 1932–1981

Sehemu hii inachunguza jinsi namba mbili zilizopatikana kwa njia tofauti zilivyounganishwa kuwa hoja moja ya ikolojia. Namba ya kwanza ni ya Max Kleiber. Mwaka 1932 alionesha kuwa nishati anayoitumia mnyama aliyepumzika haiongezeki sambamba na uzito wake, bali kwa kipeo kinachokaribia 0.75. Kabla yake, mwaka 1883, Max Rubner alikuwa amehusisha matumizi hayo na eneo la ngozi ya mbwa, jambo lililoashiria kipeo cha 0.67.

Namba ya pili ni ya John Damuth. Mwaka 1981 alikusanya kutoka katika machapisho takwimu za spishi 307 za mamalia wanaokula mimea, akalinganisha logi ya uzito (W, kwa gramu) na logi ya msongamano (D, idadi ya wanyama kwa kilomita ya mraba). Mstari uliopatikana ni huu:

log D = −0.75 log W + 4.23

Kwa mnyama wa gramu 100, log W ni 2, hivyo log D ni 2.73, yaani wanyama wapatao 537 kwa kilomita ya mraba. Kwa mnyama wa tani moja, log W ni 6 na log D ni −0.27, yaani takribani mnyama mmoja kwa kilomita mbili za mraba. Uzito umeongezeka mara 10,000, ilhali msongamano umepungua mara 1,000. Kwa kipeo cha Kleiber, mahitaji ya nishati ya mnyama mmoja nayo yameongezeka mara 1,000. Tukizidisha msongamano kwa mahitaji hayo, vipeo vinafutana. Kwa msingi huo Damuth alihitimisha kwamba, kwa wastani, nishati inayotumiwa na idadi yote ya spishi katika eneo haitegemei ukubwa wa mwili.

Hitimisho hilo lina mipaka miwili. Kwanza, mstari unaeleza wastani tu. Spishi iliyo nusu kizio cha logi juu ya mstari ina msongamano zaidi ya mara tatu ya uliotabiriwa, ingawa kwenye mchoro inaonekana kuwa karibu nao. Pili, takwimu za machapisho hutoka zaidi mahali ambapo spishi inayochunguzwa ni nyingi, hivyo spishi ndogo zilizo adimu huachwa nje. Kipimo cha kasoro hiyo ni kuhesabu spishi zote za mahali pamoja. James Brown na Brian Maurer walipochunguza jumuiya za ndege katika miaka ya 1980, nukta hazikufuata mstari mmoja mwembamba, bali zilitawanyika.

Kwa hiyo, kufutana kwa vipeo ni ulinganifu wa wastani katika masafa mapana ya uzito. Peke yake hakuthibitishi kwamba nishati ndiyo inayoamua wingi wa spishi fulani mahali fulani.