Maria Watatu na Siri Moja: Jinsi ya Kuingia Sopu Ikiwa Imefika Episodi ya Mia

Machi 2020 shule zilifungwa na sisi wote tukarudishwa nyumbani. Kama nyumbani kwenu ni Rongo, Awendo, Oyugis au Mbita, unajua ulichokipata sebuleni saa moja na nusu jioni: mama na majirani wawili wameketi mbele ya Citizen TV, hakuna anayekusalimu, Maria inaendelea. Ilikuwa imeanza Oktoba 2019, Jumatatu hadi Ijumaa. Piga hesabu mwenyewe. Miezi mitano, siku tano kwa wiki, tayari episodi zaidi ya mia zimepita na wewe hujaona hata moja.

Wengine walikimbilia YouTube kuanza episodi ya kwanza. Nawajua kadhaa. Bando liliisha kabla hawajafika ya kumi, na jioni bado hawakuelewa mama anacheka nini. Wengine walikaa tu chini wakatazama, na ndani ya wiki mbili walikuwa wanabishana na shangazi kuhusu Luwi na Sofia kama watu waliokuwepo tangu mwanzo. Hawa wa pili hawakuwa werevu kuliko wale wa kwanza. Walitumia tu sopu jinsi ilivyotengenezwa kutumiwa. Ili ujue ilitengenezwaje, inabidi turudi nyuma miaka hamsini, kwa Maria mwingine kabisa.

Huyo Maria wa kwanza alikuwa wa Peru. Mwaka 1969 tivii ya huko ilianza kuonyesha Simplemente María, yaani Maria tu, basi. Msichana anatoka mashambani, anakuja Lima kufanya kazi ya nyumba, kijana wa familia tajiri anampa mimba na kumtoroka. Maria anajifunza kusoma, anajifunza kushona kwa cherehani, na polepole anakuwa mbunifu mkubwa wa mavazi. Iliendelea kwa zaidi ya episodi 400. Siku ya kurekodi harusi yake, maelfu ya watu walijaa nje ya kanisa, wengine na zawadi mkononi, kwa ajili ya bibi harusi ambaye hayupo. Na mauzo ya cherehani za Singer yakapanda.

Huko Mexico kulikuwa na mtayarishaji wa vipindi anaitwa Miguel Sabido, na yeye aliangalia hizo cherehani akajiuliza: kama stori inaweza kufanya hivi bila kukusudia, je, ukikusudia? Kuanzia mwaka 1975 akaanza kutengeneza telenovela zenye somo ndani. Hapa ndipo sisi tunaingia. Kufikia mwaka 1987, mbinu yake ilikuwa imefika Nairobi, na redio ya Sauti ya Kenya ikaanza kurusha Ushikwapo Shikamana, mchezo wa Kiswahili uliozungumzia uzazi wa mpango. Mwaka 1993 Radio Tanzania nayo ikaanza Twende na Wakati.

Nisimame hapo kwa Twende na Wakati, ju inatuhusu zaidi ya vile unafikiri. Mhusika wake maarufu ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho anaugua ukimwi. Mkewe ni Tunu, ambaye anavumilia, anavumilia, halafu anachoka na kuanza biashara yake. Sasa wewe wa Isebania, ambaye Sirari iko pale ng'ambo tu na malori hupanga foleni mchana kutwa, unahitaji kuelezwa Mkwaju ni nani? Kaunti zetu hizi mbili zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na huo ugonjwa. Kuna nyumba ambazo Mkwaju alikuwa na jina lingine.

Lakini angalia ufundi wake. Mchezo wa redio unasikilizwa na mtu anayepika, anayechunga, ambaye betri zake za redio zimeisha tangu Jumanne. Mtunzi anajua kwamba kila siku kuna mtu aliyekosa. Kwa hivyo wahusika wanagawanywa makundi matatu. Kuna mbaya, ambaye unamtambua dakika ile ile anapofungua mdomo. Kuna mwema. Na kuna yule wa katikati anayeyumba, kama Tunu, ambaye bado hajaamua. Huyu wa katikati ndiye mlango wako. Kwa sababu hajaamua, lazima aombe ushauri, na kila akiomba ushauri inabidi aeleze upya shida yake yote kwa shoga, kwa mama mkwe, kwa mhubiri. Wewe uliyekosa wiki nzima unapata muhtasari bila mtu kukuambia kwamba huu ni muhtasari.

Maria wa pili anaitwa Mariana, na huyu ndiye dani zetu walimjua. Ni wa The Rich Also Cry, telenovela ya Mexico iliyotoka mwaka 1979 na kufika hapa kupitia KBC miaka ya tisini. Dani yangu alikuwa Ndhiwa. Tivii ilikuwa Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe, stesheni ni moja, na umeme ni betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa. Betri ikifa Jumatatu, unaweza kukaa hadi Alhamisi bila picha. Juu ya hayo, sauti ilikuwa ya Kiingereza iliyobandikwa kwa midomo ya Kihispania, na dani alizungumza Dholuo. Kwa hesabu yoyote ya kawaida alipaswa kupotea. Hakupotea, na mama anasema dani ndiye aliyekuwa akiwasahihisha wao waliosoma.

Nimeitazama tena nusu ya pili ya hiyo stori nikijaribu kuelewa dani aliwezaje. Jumla ni karibu episodi 250. Mariana ni msichana maskini anayechukuliwa na tajiri mmoja kukaa kwake, kisha anaolewa na mtoto wa huyo tajiri, Luis Alberto. Mume anamshuku bure, anamwacha, na Mariana akiwa amechanganyikiwa anampa mwanawe mchanga mama mzee anayeuza tiketi za bahati nasibu barabarani. Miaka inapita. Wameshapatana na mumewe, wamelea binti wa kupanga anayeitwa Marisabel. Halafu Mariana anampata mwanawe, Beto, akiwa kijana mzima.

Ukiingia hapo, unahitaji kujua kitu kimoja tu: Mariana anajua Beto ni mwanawe, na mumewe hajui. Zile episodi zote za nyuma zimebanwa ndani ya hiyo sentensi. Mariana akimpelekea Beto pesa kisirisiri, mume anaona mkewe na kijana. Beto akimpenda Marisabel, mama anatetemeka ju anajua amewalea nani na amemzaa nani. Mariana akiwa peke yake, anachosema ni siri ile ile tena. Muziki unapanda, kamera inakaribia uso, hata usiyejua Kiingereza unaona nani ameficha na nani anakaribia kugundua. Mwisho wa yote Beto anamwelekezea Luis Alberto bastola, na Mariana anapiga kelele kwamba huyo ni baba yako. Nusu nzima ya telenovela ilikuwa ni kuchelewesha hiyo sentensi.

Kwa hivyo ukirudi kwa Maria wa tatu, wa 2019, mambo yanakuwa rahisi. Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan walituwekea msichana wa mtaa wa mabanda anayechukuliwa na tajiri, bwana Hausa, kukaa kwake, na kijana wa nyumba hiyo, Luwi, ambaye tayari ana Sofia. Umeona? Ni nyumba ile ile ya Mariana, ila sasa wanaongea Kiswahili na hakuna haja ya mtu wa kutafsiri.

Mimi naingia hivi. Naanza Alhamisi au Ijumaa, si Jumatatu. Sopu ya siku tano huweka bomu lake kubwa Ijumaa ili uteseke wikendi, na Jumatatu inafungua kwa kurudia lile tukio kisha wahusika wanakwenda kuelezana kilichotokea. Ukianza Ijumaa unapata swali na Jumatatu unapata maelezo. Wiki hiyo ya kwanza sihangaiki na majina. Natafuta nyumba mbili, ya pesa na ya shida, halafu namtafuta yule anayeingia zote mbili. Kisha kila mtu akinong'ona au akinyamaza ghafla mlango ukifunguka, najiuliza ni nani hapaswi kusikia. Kufikia Ijumaa ya pili, kama unaweza kujaza sentensi ya "fulani anajua hivi, na fulani hajui", umeingia. Kama unajua majina kumi na mawili lakini hiyo sentensi huwezi, bado uko nje, hata kama umetazama episodi thelathini.

Na usiulize swali pana. Ukimwambia mama "hii inahusu nini?" atakuambia nyamaza. Muulize "huyu baba anajua?" Atakueleza hadi matangazo yaishe, na atafurahi.

Kuna mahali mbinu hii inakataa. Wiki mbili au tatu za mwisho usiingie, kwa sababu hapo siri zinafunguka moja baada ya nyingine na hakuna tena anayerudia chochote. Ni kama kufika matangani watu wakigawana sufuria. Pia stori ikiruka miaka, kama ilivyoruka kwa Beto, mtoto wa jana leo ana ndevu na muigizaji ni mwingine, hapo hata wazoefu huyumba siku mbili, kwa hivyo wewe subiri tu. Na vile vipande vya YouTube vya dakika tatu vina shida yake: aliyevikata amechukua kofi na machozi, akaacha zile dakika za kuchosha ambapo Tunu anaomba ushauri. Unabaki na makofi ishirini na hujui nani alimkosea nani.

Maria ilipoisha ikaja Zora, mwaka 2021, halafu Sultana mwaka uliofuata. Dani hakuziona. Lakini mama sasa hukaa pale pale kwenye kiti cha dani, na juzi mdogo wangu alirudi kutoka bodingi, akaketi kwa mkeka, akatazama kama dakika kumi hivi bila kusema neno, kisha akauliza, "Mama, huyu mzee anajua kama huyo ni wake?"

Mama akapunguza sauti ya tivii.