Friji bila riba kwa siku 90: hukumu yake na gharama yake

Familia zetu zenye jamaa Mbeya na Iringa zinaweza kukutana na mkataba wa aina hii: chukua bidhaa leo, lipa ndani ya siku 90 bila riba. Sharti lililo chini ndilo la kusomwa: usipomaliza deni lote, riba inahesabiwa kuanzia siku ya kununua.

Tuchukue mfano. Friji ni shilingi 900,000, riba asilimia 4 kwa mwezi juu ya bei yote. Mnunuzi amelipa 750,000, amebakiza 150,000. Siku ya 91 anadaiwa riba ya miezi mitatu, 108,000. Deni la 150,000 limekuwa 258,000. Kama riba ingeanza siku hiyo juu ya baki tu, mwezi mmoja ungekuwa 6,000.

Tena siku 90 si miezi mitatu kamili. Aliyenunua tarehe 1 Julai, mwisho wake ni 29 Septemba. Anayesubiri mshahara wa tarehe 30 amechelewa.

Ama hukumu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Jidda mwaka 1990, liliruhusu bei ya mkopo kuzidi ya taslimu ikikatwa mwanzoni, na likaharamisha sharti la nyongeza kwa kuchelewa. Hapa sharti hilo limo tangu siku ya kusaini, hata kwa anayenuia kulipa mapema. Basi muombe muuzaji bei moja isiyobadilika, na sharti hilo lifutwe kwa maandishi. Akikataa, usisaini. Wallahu a'lam.