Adhabu ya viboko shuleni nchini Tanzania

Adhabu ya viboko shuleni ni adhabu ya kumchapa mwanafunzi kwa fimbo kwa lengo la kumrekebisha. Katika Tanzania Bara adhabu hii inaruhusiwa na sheria, lakini kwa masharti. Watetezi wake husema inamfundisha mtoto nidhamu. Wapinzani wake husema inamdhuru, haimfundishi kinachokusudiwa, na inavunja utu wake.

== Asili ya neno ==

Kiboko ni mnyama mkubwa wa mitoni na maziwani. Jina lake lilihamia kwenye mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake, kisha kwenye pigo lenyewe. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani, adhabu ya mapigo 25 ilijulikana kwa wenyeji kama "hamsa ishirini". Agizo la mwaka 1896 liliwaondolea Waarabu na Wahindi adhabu hiyo, ikabaki kwa Waafrika. Hivyo kuchapwa hakukuwa maumivu tu. Kulionyesha pia nani anahesabiwa kuwa wa daraja la chini. Katika shule za wakati wa Waingereza fimbo iliendelea kutumika, na baada ya uhuru haikuondolewa.

== Masharti ya kanuni ==

Kanuni za adhabu ya viboko zilitungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zikarekebishwa mwaka 2002. Mwanzoni idadi ya juu ilikuwa viboko sita; marekebisho yaliishusha hadi vinne kwa mara moja.

Kwa mujibu wa kanuni hizo:

* Viboko hutolewa kwa utovu mkubwa wa nidhamu, au kwa kosa zito linaloweza kuivunjia shule heshima.
* Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi.
* Fimbo iwe nyepesi na inayopindika. Apigwe kiganjani au matakoni akiwa amevaa nguo zake, si mahali pengine mwilini.
* Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe.
* Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike.
* Kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Mwanafunzi anayekataa kuchapwa anaweza kuondolewa shuleni.

Daftari ndilo kielelezo kikuu cha kanuni hizi. Shule ambayo fimbo zinasikika kila asubuhi huku daftari likiwa tupu haifuati kanuni, hata kama hakuna mtoto aliyeumia.

== Mfano: wachelewaji ==

Tofauti kati ya kanuni na desturi huonekana wazi kwenye mstari wa wachelewaji. Tuchukue mwanafunzi wa darasa la tano anayefika saa mbili badala ya saa moja na nusu, kwa sababu kila alfajiri huteka maji kabla ya kutoka nyumbani. Mwalimu wa zamu anamchapa viboko viwili langoni pamoja na wenzake.

Tukipima tukio hilo kwa kanuni, tunakuta makosa matatu. Kuchelewa si kosa zito. Mwalimu wa zamu hana barua ya uteuzi. Hakuna kilichoandikwa. Lakini hata kama yote hayo yangefuatwa, chanzo cha kuchelewa, yaani maji, kingebaki palepale. Kesho mtoto atakuwa na njia tatu: achapwe tena, ajifiche mpaka zamu ipite, au asiende shule kabisa. Mwalimu anayeona majina yaleyale langoni wiki nzima ana dalili ya kutosha kwamba fimbo haifanyi kazi. Kumwita mzazi na kukubaliana nani ateke maji, au saa ngapi, ndiko kunakoligusa kosa lenyewe.

== Madhara ==

Fimbo inayokosea shabaha huweza kuvunja kidole au kuumiza jicho. Hatari huongezeka mwalimu anapochapa kwa hasira, kwa sababu hapo hesabu ya viboko na uchaguzi wa mahali pa kupiga hupotea. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 13 alifariki mjini Bukoba, mkoani Kagera, baada ya kupigwa na mwalimu akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu mwingine. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji.

Madhara mengine hayaonekani mwilini. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 75 kuhusu watoto wanaochapwa na wazazi, zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Waliona kwamba kuchapwa kunaambatana na ukali zaidi, matatizo zaidi ya kihisia na uhusiano dhaifu na mzazi. Tafiti za namna hii zina mpaka wake: mtoto msumbufu huenda anachapwa zaidi kwa sababu ni msumbufu. Hata hivyo, tafiti zilizowafuatilia watoto kwa muda mrefu zinaonyesha kwamba usumbufu wao huongezeka baada ya kuchapwa.

== Thamani ya mafunzo ==

Watetezi hukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Hutaja pia darasa la wanafunzi 80 au zaidi lenye mwalimu mmoja, ambamo fimbo hurudisha utulivu kwa sekunde chache.

Utulivu huo ni wa kweli, ila haudumu. Unategemea kuwepo kwa mwenye fimbo. Akitoka, kelele hurudi. Mtoto amejifunza kuepuka kukamatwa, si kuelewa kosa. Kwa aliyekosa hesabu hali ni mbaya zaidi, kwani fimbo haimwonyeshi alipokosea. Anayeogopa kuchapwa kwa jibu lisilo sahihi huacha kunyoosha mkono, na mwalimu hukosa njia ya kujua nani hajaelewa. Methali zenyewe zinahimiza malezi ya mapema, hazikutaja fimbo.

== Utu wa mtoto ==

Mtu mzima akimpiga mwenzake kwa kuchelewa kazini, anashtakiwa. Kwa hoja ya utu, mtoto asipewe ulinzi mdogo kuliko mtu mzima, hasa ikizingatiwa kwamba mwili wake ni dhaifu zaidi. Kuchapwa mbele ya wenzake huongeza aibu, jambo linalowaumiza sana wasichana waliobalehe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, lakini inaacha nafasi ya kumrekebisha mtoto kwa kiasi kinachofaa umri na hali yake. Nafasi hiyo ndiyo inayoziwezesha kanuni za viboko kuendelea kuwepo.

== Nchi jirani ==

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Hata hivyo, baadhi ya walimu wameendelea kuchapa, jambo linaloonyesha kwamba sheria peke yake haitoshi.

Nchini Uganda, wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 zilihusishwa katika jaribio lililomalizika mwaka 2014. Nusu yake zilisaidiwa kwa miezi 18 kutunga kanuni za shule pamoja na wanafunzi na kuwazoeza walimu adhabu zisizo za kupiga. Mwishoni, wanafunzi 31 kati ya 100 katika shule hizo walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na walimu au wafanyakazi wa shule katika wiki iliyopita, ikilinganishwa na 49 kati ya 100 katika shule nyingine. Alama za majaribio ya masomo hazikutofautiana: kupungua kwa fimbo hakukuzipandisha, lakini pia hakukuzishusha.