Cheti cha Daktari katika Likizo ya Ugonjwa (Marekani)

Cheti cha daktari ni hati ya mtaalamu wa tiba inayothibitisha kwamba mfanyakazi hawezi kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, na kukadiria muda wa hali hiyo. Nchini Marekani matumizi yake yanaongozwa hasa na Sheria ya Likizo ya Familia na Matibabu ya mwaka 1993, inayompa mfanyakazi anayestahili hadi majuma 12 ya likizo bila malipo kwa mwaka, huku nafasi yake ya kazi ikilindwa.

Mfanyakazi anayejua mapema kwamba atatibiwa, kwa mfano kwa upasuaji uliopangwa, hutakiwa kutoa taarifa siku 30 kabla. Ugonjwa ukimjia ghafla, hutoa taarifa mara awezapo, kwa kufuata utaratibu wa kawaida wa mahali pa kazi. Mwajiri anayetaka cheti anapaswa kukiomba ndani ya siku tano za kazi tangu apate taarifa, na mfanyakazi hupewa angalau siku 15 za kalenda kukiwasilisha. Hivyo, taarifa ikitolewa Jumatatu tarehe 3 Machi, na cheti kikaombwa tarehe 10 Machi, kinapaswa kufika kabla ya tarehe 25 Machi kwisha. Kikiletwa bila kutaja muda wa ugonjwa, mwajiri hawezi kukikataa papo hapo, bali humweleza mfanyakazi kwa maandishi kinachopungua na kumpa siku saba za kukirekebisha. Kasoro isiporekebishwa, au cheti kisipoletwa kabisa bila sababu ya msingi, mwajiri anaweza kumnyima ulinzi wa likizo hiyo.

Kasoro ya kujaza cheti ni tofauti na shaka juu ya ukweli wake. Mwajiri mwenye sababu ya kutilia shaka cheti kilichokamilika anaweza kudai maoni ya pili, yaani uchunguzi wa daktari mwingine anayechaguliwa na mwajiri huyo, ambaye kwa kawaida hapaswi kuwa daktari anayemtumia mara kwa mara. Gharama zote, pamoja na nauli ya mfanyakazi, hubebwa na mwajiri, na wakati matokeo yakisubiriwa mfanyakazi huendelea kupata haki za likizo kwa muda. Madaktari wawili wakitofautiana, mwajiri anaweza kudai, kwa gharama yake, maoni ya tatu kutoka kwa daktari aliyekubaliwa na pande zote mbili, na uamuzi wake ni wa mwisho. Upande unaokataa kushiriki kwa nia njema katika kumchagua daktari huyo hufungwa na maoni yasiyoupendelea: mwajiri hufungwa na cheti cha kwanza, na mfanyakazi hufungwa na maoni ya pili. Hata hivyo, maoni ya pili hayaruhusiwi kwa cheti cha kuthibitisha upya ugonjwa ambao ulikwisha kuthibitishwa kwa likizo hiyohiyo.