Fedi Mpya Imekutoa Ama Imekuangusha? Picha za Siku 6 Zitakuambia Ukweli

Ukitoka kinyozi pale Garsen, shingo bado inanukia spiriti na poda, kila msee hujiona staa. Taa iko mbele, nywele zimechanwa, laini imechorwa dakika tano zilizopita. Sasa ngoja wiki mbili, ukiwa juu ya boda na joto la Tana River limekukalia. Hicho kichwa bado kiko freshi? Hapo ndipo daftari la picha linaingia. Ni albamu moja tu kwa simu, yenye picha za kabla na baada ya kunyoa, zote zimepigwa kwa njia moja.

Kwa nini selfi inakudanganya

Selfi ya mkono hupigwa kama sentimita 30 kutoka usoni. Mwaka wa 2018 madaktari wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Rutgers, walipiga hesabu wakapata kwamba kwa umbali huo pua ya mwanamume huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ukiwa mita moja na nusu. Kilicho mbele kinafura, kilicho nyuma kinasinyaa. Masikio na pande za kichwa ziko nyuma, na pande ndizo kinyozi amekufanyia kazi. Kwa hivyo selfi itakuonyesha pande nyembamba kuliko zile watu wanaona.

Shida ya pili ni kioo. Wewe umezoea uso wako uliogeuzwa, kushoto kukiwa kulia. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka wa 1977 uliwapa watu picha zao mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa. Wengi walipenda iliyogeuzwa, lakini marafiki zao walipenda ya kawaida. Ndiyo maana ukijiona kwa picha unaweza kuapa kinyozi amepinda laini, kumbe hakuna kitu, ni macho yako hayajazoea tu.

Dawa ya zote mbili ni moja: tumia kamera ya nyuma, na usichanganye na selfi hata siku moja.

Vile unapiga

Weka simu kwa dirisha au juu ya jerikeni, usawa wa macho. Simama hatua mbili kubwa kutoka hapo, weka Timer ya sekunde 10, na usivute zumu. Cheki Beauty iwe imezimwa, kwa sababu inalainisha ngozi na kufuta vile vipele unavyotafuta. Piga tatu: mbele, upande, na kisogo. Za upande na kisogo unaweza kumwomba mtu akushikie simu. Usicheke, usinunie, uso uwe wa kawaida.

Mwangaza ndio wengi hukosea. Garsen iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Ukichagua saa mbili asubuhi, chini ya kivuli cha ukuta au mwembe, mwangaza utakuwa karibu sawa Machi na Agosti. Mchana usijaribu. Jua likiwa utosini macho yanaingia gizani, ngozi ya kichwa inang'aa, na fedi inaonekana safi kuliko ilivyo.

Usilinganishe na picha ulizotuma WhatsApp pia, kwa sababu huko hubanwa na nywele ndogo zinapotea. Tumia zile za kwenye galari.

Siku zenyewe

Piga Kabla 1 na Kabla 2, siku mbili tofauti kabla ya kunyoa. Halafu Siku 1, Siku 3, Siku 7 na Siku 14. Zile mbili za kabla watu huruka, lakini ndizo za maana. Zinakuonyesha vile unabadilika bila kunyoa chochote, sababu ya usingizi tu au vumbi. Kama tofauti ya Kabla 2 na Siku 1 ni ndogo kama ya Kabla 1 na Kabla 2, basi huo mkato haujafanya kitu.

Zile zingine zinafuata vile nywele humea, karibu sentimita moja kwa mwezi, yaani thuluthi moja ya milimita kwa siku. Mashine ya namba moja huacha milimita 3. Pale kinyozi alipopitisha sufuri patafika urefu huo baada ya siku kama tisa. Hapo ule mteremko wa fedi umeanza kupotea, na Siku 14 itakuonyesha kilichobaki.

Mfano wa mtu wa boda

Tuseme umetoka kwa afro ukaenda fedi ya kati, na ndevu zikapitishwa wembe hadi shingoni. Kuna harusi ya kaka yako mwezi ujao, na unataka kujua kama utarudia mkato huo huo.

Siku 1, picha ya mbele ni moto na uso umeonekana mrefu kidogo. Siku 3, mbele bado poa, lakini picha ya upande ina vipele vitano chini ya taya. Nywele zilizojikunja zikikatwa na wembe huota zikirudi ndani ya ngozi, na ukizidi kupitisha wembe hapo zinaacha madoa meusi. Siku 7, laini ya paji imefifia, na helmeti imelaza nywele za juu. Siku 14, kisogo hakina fedi tena, lakini mbele bado unaonekana nadhifu kuliko kwa zile za Kabla.

Soma hiyo kama hesabu. Fedi imekutoa, wembe umekuangusha. Rudia mkato, lakini mwambie kinyozi ndevu za shingo azipitishe mashine tu, aache kivuli kidogo. Nyoa siku mbili au tatu kabla ya harusi, si wiki nzima mbele. Na kama kinyozi anataka soo moja kila wiki, picha zimekuonyesha kwamba ya katikati unaweza kulipia laini pekee.

Nani aamue

Si wewe peke yako, na si beshte aliyekusindikiza kinyozi. Chagua picha sita za mbele, zichanganye, ufiche tarehe. Waonyeshe watu wawili au watatu, mmoja mmoja, uwaambie wachague mbili bora. Usiulize "niko fiti?" kwa sababu dada yako atasema ndiyo ili umwache apike. Kama wote wanaangukia Siku 1 na Siku 7, mkato umeshinda. Kama chaguo zimetawanyika, hakuna anayeona tofauti ila wewe.

Pale picha hazisaidii

Ukibadilisha nywele, ndevu na mafuta ya uso wiki moja, hutajua kipi kimefanya kazi. Badilisha kitu kimoja, maliza siku zako, ndio uende kingine. Kwa ndevu unazofuga, wiki mbili ni kidogo. Piga kila wiki kwa wiki nane. Kwa dredi, mara moja kwa mwezi inatosha. Na vipele vikianza kutoa usaha, wachana na kamera na wembe, peleka hiyo shingo hospitali.