Saa za Trollope

Wadau, wengi tukipanga ratiba tunahesabu saa tu, nguvu tunazisahau. Mtazameni Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliyekuwa mtumishi wa posta hadi 1867.

Alipohamia Waltham Cross, saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani. Mtumishi wake mzee alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. (Nami namtafuta wa aina hiyo!) Nusu saa ya kwanza alisoma alichoandika jana yake, akili ipate moto. Kisha, saa ikiwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa mpaka saa 2:30. Hayo ni maneno 2,500 kabla ya kwenda kazini.

Tawasifu yake ilitoka 1883, baada ya kifo chake, na wengi wakaicheka ile saa ya mezani. Mimi naona walitazama pasipo. Trollope mwenyewe alisema saa tatu kwa siku zinamtosha mwandishi yeyote. Alizichukua zile ambazo posta ilikuwa haijazigusa, na posta ikapata zilizobaki.