Utengaji wa vifaa: kwa nini simu haiioni runinga

Simu imeunganishwa na waifai, runinga nayo imeunganishwa, na video za mtandaoni zinacheza vizuri kwenye zote mbili. Ukigusa alama ya kuakisi skrini, simu inatafuta, inatafuta, kisha inasema hakuna kifaa. Wengi huilaumu runinga. Mimi huanza na ruta, kwenye mpangilio ulioandikwa AP Isolation au Client Isolation. Kwa Kiswahili tuuite utengaji wa vifaa: kila kifaa kinaruhusiwa kwenda intaneti, lakini hakiruhusiwi kuwasiliana na kifaa kingine kilicho kwenye waifai hiyohiyo.

Kuakisi kupitia waifai ya nyumbani kwa kawaida hutegemea mawasiliano hayo. Kwa AirPlay na Google Cast, simu hutangaza swali kwenye mtandao wa nyumbani, kupitia anwani ya pamoja 224.0.0.251, ikiuliza ni nani anayeweza kupokea picha. Runinga ikilisikia, hujitaja kwa jina na anwani yake. Kwa kawaida swali hilo halivuki ruta kwenda mtandao mwingine, ndiyo maana maelekezo husisitiza vifaa viwe kwenye mtandao mmoja. Kutumia intaneti moja hakutoshi.

Tuchukue nyumba ambamo ruta ina anwani 192.168.1.1, simu 192.168.1.23 na runinga 192.168.1.40. Sehemu tatu za mwanzo zinalingana, na kwa mipangilio ya kawaida ya nyumbani hiyo ni dalili kwamba ziko kwenye mtandao mmoja. Sasa washa kompyuta iliyo kwenye waifai hiyo, uandike:

```
ping 192.168.1.1
ping 192.168.1.40
```

Ruta inajibu, runinga iko kimya. Usihukumu bado, kwani vipo vifaa visivyojibu amri hii hata vikiwa vizima. Jaribu na anwani ya simu, kisha ya kompyuta nyingine. Ikiwa ruta peke yake ndiyo inayojibu na vingine vyote viko kimya, utengaji ndio wa kushukiwa kwanza. Lakini kama runinga ingekuwa na 192.168.0.40, tatizo lingekuwa jingine: huenda kuna ruta mbili, moja imechomekwa kwenye nyingine, na kila moja ina mtandao wake. Hapo hamishia simu na runinga kwenye ruta moja.

Nyumbani, ingia kwenye ukurasa wa ruta uzime utengaji. Kama simu au runinga iko kwenye Guest Network, itoe huko uilete kwenye mtandao mkuu, maana mtandao wa wageni mara nyingi huja na utengaji ukiwa umewashwa.

Hotelini usidai uzimwe. Bila utengaji, mgeni wa chumba cha pili angeweza kurusha picha zake kwenye runinga yako. Huko tumia waya wa HDMI, au Miracast, ambayo inaweza kuunganisha simu na runinga moja kwa moja bila kupitia ruta. Simu za iPhone hazina Miracast, hivyo mwenye iPhone asafiri na waya wake.